Toge ya Maître Josée na Jina la Aliyeitoa

Jumatatu, 3 Novemba

Josée amefaulu! Kelele barabara nzima. Rafiki yangu Josée, aliyekula liboke, samaki wa kufungwa majanini, kwenye meza ya pembeni ya malewa yangu miaka ishirini, akiwachapia mawakili barua zao, sasa atakuwa wakili yeye mwenyewe. Ana miaka arobaini na sita! Walisema amechelewa. Nani amechelewa? Nyie ndio mmechelewa kufunga midomo.

Orodha ya mtihani wa Barreau, chama cha mawakili, ilibandikwa asubuhi. Saa sita Josée alikuwa mweupe kwa poudre ya watoto waliyommwagia kumpongeza, utadhani muhogo uliomenywa. Mimi sikuwa na poudre. Nilimmwagia unga wa muhogo. Akapiga chafya, akanikumbatia, akaniambia Koko, bibi yangu, bila wewe ningekufa njaa kabla ya mwaka wa pili wa sheria.

Kweli kabisa. Imeandikwa hapa.

Sasa zawadi. Josée ameeleza: tarehe kumi na mbili ataapa mbele ya Cour d'appel, korti ya rufaa, bâtonnier mwenyewe, mkuu wa mawakili, akimpeleka mbele. Bila toge, lile joho lao jeusi, hakuna kuapa. Donc toge ndiyo zawadi. Kuku anakwisha Jumapili, pagne ya kitenge inachuja, lakini toge itaingia kortini kila siku. Anayetoa toge atasimama karibu yake kwenye picha. Huyo ni mimi.

Jumanne, 4 Novemba

Wivine! Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwenye depo ya sukari, mtu wa Butembo. Leo amewaambia wateja WANGU, kwenye benchi LANGU, kwamba dada yake wa Kinshasa ataleta toge kwa ndege. Kwa ndege! Kana kwamba nguo inasikia upepo.

Eti Josée ni rafiki yake pia. Tangu lini? Alimkopesha kalamu.

Nimefikiri nikikuna magamba ya samaki. Mpango umekuja kabla samaki wa tatu hajaisha.

Jumatano, 5 Novemba

Nilimpelekea Wivine sahani ya pondu, kisamvu cha kwetu, bure. Alishtuka, akanusa. Nikakaa. Nikamwambia kwa huruma kwamba kwetu Isangi, mtu akimvika mwingine nguo ya kazi yake ya kwanza, amekuwa mzazi wa kazi hiyo. Mwenye nguo akishindwa kesi, mteja anakuja kulia mlangoni kwa mzazi. Na analala hapo hapo mpaka asikilizwe.

Kwetu Isangi hakuna kitu kama hicho. Nimekiumba njiani, kati ya mlango wangu na wake.

Wivine ni mfanyabiashara, alitazama mlango wake muda mrefu. Akauliza kama desturi hiyo inagusa pia kitabu. Nikamwambia hapana, kitabu hakivaliwi. Akasema basi atatoa code mbili za sheria na cartable, mkoba wa ngozi, na dada yake asisumbuke. Nikamsifu kwa moyo wake mkubwa. Nilirudi na sahani yangu. Pondu alikuwa ameimaliza, mnafiki.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemwambia Josée toge ni juu yangu. Mwenzake wa ofisi alitaka kumwazima ya kwake, nikamkataza. Wakili mpya haapi ndani ya jasho la mtu mwingine!

Josée aliniandikia karatasi ya fundi. Kitambaa cheusi tii, kizito kidogo, kisichong'aa. Mikono mipana sana. Vifungo mbele kutoka shingo mpaka chini. Mikunjo midogo mabegani na mgongoni. Shingoni rabat nyeupe yenye mikunjo. Na mwisho, chini ya mstari: pasipo pambo lolote.

Rabat hiyo Sébastien fundi alinichorea. Ni bavette! Kitambaa cha mtoto anayetokwa na mate! Nikamuuliza kama mawakili wanachuruzika hivyo. Akasema ndiyo desturi, wote wanavaa, hata mwenye mvi. Bon. Wanasema maneno mengi, labda ni kweli yanadondoka.

Sébastien kawaida anashona kanzu za kwaya. Anakula kwangu, kwa hiyo hatubishani sana.

Jumamosi, 8 Novemba

Toge iko tayari! Nzuri mpaka nilitaka kesi. Niliivaa kidogo, nikamhukumu paka.

Lakini mgongo ni mtupu. Mweusi, mpana, mtupu kama ukuta wa shule siku ya likizo. Nani atajua imetoka wapi? Parokiani kwetu kila benchi lina jina la aliyelitoa. Hata kengele ina jina. Hata ndoo ya maji ya baraka! Mtu anayetoa bila jina amepoteza tu.

Sébastien akasoma karatasi: pasipo pambo. Nikamwambia pambo ni shanga, pambo ni dhahabu, pambo ni maua. Jina si pambo. Jina ni jina. Mimi nimefika darasa la nne, najua tofauti. Akakuna kichwa, akatia uzi wa manjano kwenye mashine.

Sasa mgongoni, herufi nene, begani mpaka begani:

ZAWADI YA KOKO GEORGETTE
MALEWA YA LIBOKE

Nilitaka na saa za kufungua. Nafasi haikutosha.

Jumanne, 11 Novemba

Toge imefungwa kwenye karatasi, na kamba mafundo saba. Josée alikuja kuomba ajaribu. Nikakataa. Surprise ni surprise. Akasema Koko, nina hofu. Nikampa kichwa cha samaki, hofu ikapungua.

Jumatano, 12 Novemba



Asubuhi tulikwenda Makiso, mjini, mimi nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, na kifurushi mapajani, Wivine kwenye pikipiki na code zake mbili, kila moja nene kama tofali. Uani kortini mawakili wapya tisa wamevaa tayari, weusi, rabat nyeupe, wamepangana kama mbayuwayu. Josée wa kumi. Nikakata kamba. Nikamvika mwenyewe, nikamfunga vifungo kimoja kimoja, nikalia kidogo. Mbele ilikuwa safi kabisa.

Halafu akageuka kumsalimu bâtonnier.

Mtu mmoja akausoma mgongo kwa sauti. Mwingine akauliza liboke ni ya samaki gani.

Bâtonnier hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Akaeleza polepole: ndani ya toge mawakili wote ni sawa, tajiri na maskini, haina alama ya mtu. Na wakili haruhusiwi kufanya matangazo, hata ya kwake mwenyewe, sembuse ya samaki. Nguo hiyo haingii. Josée apate nyingine kabla majaji hawajaketi, la sivyo angoje kikao kingine, labda mwaka kesho. Na bila kiapo, hata mwalimu wake wa stage, yule wa kumfunza kazi, hawezi kumpa faili.

Josée hakunigombeza. Alikaa tu kwenye ngazi. Miaka yote ile ya kusoma kwenye meza yangu, kitabu kikinuka moshi, na mimi nimemfungia mlango kwa uzi wa manjano!

Kumwazima? Mwenzake amesafiri Ubundu na toge yake. Ile ya Kinshasa? Wivine akanitazama. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni kwamba ingekuwa hapa leo, kama si desturi ya Isangi. Askari wa mlangoni, mtu wa Isangi, akauliza desturi gani.

Niliikubali aibu yangu. Nusu.

Halafu Wivine, lazima niandike ingawa kalamu inakataa, akatoa wembe kwenye mkoba. Mwanamke wa depo hatembei bila wembe, anafungulia magunia. Akaikalia code ya kwanza, akanisukumia ya pili. Tukafumua. Yeye kuanzia ZAWADI, mimi kuanzia LIBOKE. Akanitukana kwa Kinande cha kwao Butembo, mimi kwa Lingala, vidole havikusimama. Akaniambia nakata kitambaa. Nikamwambia aangalie pua yake. Tulikutana katikati, kwenye jina langu. Akalifumua yeye, kwa furaha nyingi mno.

Uzi ukaisha. Matundu yakabaki, yameinuka kama vipele. Nikayapaka mafuta yangu ya kujipaka mpaka yakalala. Nyeusi tii! Bâtonnier akazunguka mara mbili. Akasema aingie.

Josée akainua mkono. Akaapa kuheshimu Katiba na kutii sheria, na kutotetea kesi ambayo rohoni mwake haamini kuwa ni ya haki. Sauti haikutetemeka. Wivine alilia kwenye bega langu. Bega langu! Nikamwacha.

Ingeishia hapo. Lakini tulipotoka watu walikuwa wanangoja na poudre. Vigelegele, kopo baada ya kopo, mgongoni kwa Maître, wakili wetu mpya! Josée akapita katikati ya Makiso kwa miguu, akipunga mkono. Nyuma yake watu wakaanza kucheka. Poudre yote ilikuwa imeanguka, isipokuwa pale penye mafuta.

Herufi nyeupe peee. Zinasomeka vizuri kuliko zile za manjano.

Alhamisi, 13 Novemba

Watu wamejaa mpaka barabarani. Liboke ziliisha saa sita. Wanataka kula kwa koko wa toge. Wivine ameniazima mabenchi yake, na ameomba aonyeshwe Isangi kwenye ramani.

Jumapili, 16 Novemba

Josée alikuja baada ya misa. Nilimwita Maître, akaniambia nisimpake mafuta, yametosha. Picha ya mgongo ule ilimfikia bâtonnier. Alimwita, akamuuliza kama analipwa kwa samaki au kwa kichwa cha samaki. Josée akaeleza yote. Mzee akacheka, akamwonya: mara ya pili atapelekwa mbele ya baraza la nidhamu.

Halafu Josée akanisimamisha mbele ya wateja, nikainua mkono ulioshika mwiko. Nikaapa kwamba mimi Georgette sitaandika tena neno lolote juu ya toge ya Maître Josée, mgongoni wala kifuani. Wivine alikuwa shahidi. Watu wakapiga makofi. Josée akanibusu, akasema hii toge ndiyo atakayovaa mpaka azeeke, kwa sababu tuliifumua kwa mikono miwili isiyopendana. Nikalia tena. Nazeeka vibaya.

Ameniachia toge nimpelekee Sébastien aifue mafuta.

Nimewasha taa kuiangalia vizuri. Kiapo nitakishika, mimi si mtu wa kuapa ovyo. Mgongoni, hapana. Kifuani, hapana. Lakini ile mikono! Mipana kama gunia, na ndani yake ni bitana tupu. Wakili akisimama kutetea anainua mikono juu, wote nimewaona. Akishusha, hakuna kinachoonekana.

Sébastien ameuliza herufi ziwe kubwa kiasi gani. Nimemwambia jaji anakaa mbali.