Tumbo la Nyumbani

Jumapili, 17 Februari 1991

Siku ishirini na mbili za ndoa! Nimezihesabu tena leo asubuhi kabla ya kuamka. Dalmas akaniuliza nahesabu nini kwa vidole. Nikamwambia baraka. Akacheka. Ana pengo dogo kati ya meno ya mbele. Bado sijalizoea.

Tatizo moja tu. Mume wangu anafundisha Jiografia, na pia ndiye mwalimu wa mabweni katika shule hii ya wasichana, mbele kidogo ya Kisian. Kila jioni, saa moja hadi saa tatu, huniacha akasimamie masomo ya jioni. Naona taa za madarasa kutoka dirishani kwetu. Lakini saa mbili nzima!

Leo Mungu amefungua mlango. Baada ya ibada Bi. Amolo, mwalimu mkuu, ametangaza kwamba Jumapili ya wazazi, tarehe tatu Machi, itasomwa insha ya uhakiki juu ya maisha ya bweni na hisia za kijana. Yeyote anayeishi hapa shuleni aweza kuandika. Akatangaza pia kwamba anatafuta matroni msaidizi. Hakusema mambo hayo mawili yanahusiana. Mimi nimeyahusisha. Matroni msaidizi huzunguka mabweni jioni. Pamoja na mwalimu wa mabweni!

Mpinzani mmoja tu: Mama Dorca, matroni mwenyewe. Yuko hapa miaka kumi na moja, lakini aliishia darasa la saba. Mimi nina kidato cha nne, divisheni ya pili. Namwonea huruma.

Jumatatu, 18 Februari

Ushahidi! Jumatatu wasichana hukabidhi barua za nyumbani zikiwa wazi. Dalmas huzisoma, kisha huzifunga. Nikajitolea kumsaidia. Alishukuru kwa macho.

Barua arobaini na tatu za kidato cha kwanza. Wana wiki mbili tu hapa, na wote wana furaha! "Mimi ni mzima kama chuma." "Chakula kinatosha." "Wakubwa wanatupenda." Nimeguswa moyoni. Mmoja, Nakhungu, anatoka kwetu kabisa, upande wa Bungoma. Aliandika mistari minne: ni mzima, anasoma kwa bidii, na je, mbwa bado analala mlangoni pake? Mtoto mcheshi.

Nikaandika ukurasa wa kwanza: "Imethibitishwa kuwa hisia za kijana wa bweni ni furaha, asilimia mia moja."

Dalmas akasema wasichana wanajua barua zinasomwa. Yeye mwenyewe alipokuwa bwenini aliwaandikia wazazi miaka minne kwamba anapenda maharagwe. Nikamwambia hakuna mtu anayemdanganya mama yake mzazi. Kisha nikamwandikia Mama kwamba nyumba yetu ina umeme, paa halivuji, na nimekuwa bingwa wa kupika ngege, samaki wa huku ziwani. Nikazima koroboi, nikasogeza ndoo chini ya tone, nikasugua sufuria iliyoungua.

Jumatano, 20 Februari

Nimemkuta Nakhungu kwenye chumba cha wagonjwa. Tumbo. Mara ya tatu wiki hii. Mdogo, kimya, soksi zimevutwa juu sawasawa. Nilimsalimu kwa Kibukusu, lugha ya kwetu. Akaangalia sakafu.

Mama Dorca hakumpa dawa. Alimpa maji ya moto na kiti karibu na dirisha. Nikauliza ni minyoo au ni malaria.

"Nyar Bungoma," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, binti wa Bungoma, "hilo tumbo ni nyumbani. Linauma kweli, lakini panadol haifiki huko."

Akaeleza huku akikunja mashuka. Huanza alfajiri mtoto akifungua macho na kuona dari si la kwao. Hutulia darasani na kwenye netiboli. Hurudi Jumapili mchana, maana Jumapili mchana hakuna kengele ya kumkimbiza. Kwa wengi hupungua wiki ya nne au ya tano. Yeye hamwogopi mwenye kulia wiki ya pili. Anaogopa asiyelia, anayetandika kitanda kama askari na kuwagawia wengine ugali wake. Nakhungu hugawa ugali.

Nimeyaandika yote kwenye insha yangu. Yeye hana hata kalamu.

Jumapili, 24 Februari

Mapinduzi yangu yameanguka!

Hesabu yangu ilikuwa safi: ugonjwa ni nyumbani, basi ondoa nyumbani. Alhamisi nilipita bweni la kidato cha kwanza nikakusanya picha za familia zote, leso za mama zao, hata ganda la konokono kutoka Homa Bay. Nikapiga marufuku kutaja kwao hadi Pasaka. Mama Dorca alinionya kwamba mtu akikatazwa kutaja kwao, kwao kunakua. Nilidhani ni wivu.

Ijumaa, kimya. Nikaandika: "Mbinu ya mwandishi inafaulu." Pia niliwaona wakubwa wakimfanya mono, ndivyo wanavyowaita wageni, apime urefu wa bweni kwa kijiti cha kiberiti huku akiimba. Nikaandika kwamba michezo ya kukaribishana inajenga udugu. Mama Dorca aliwaona pia. Wakubwa hao sasa wanafyeka nyasi.

Leo baada ya chakula cha mchana, hakuna kengele, hakuna picha. Mmoja akashika tumbo. Jirani yake akashika tumbo. Ndani ya saa moja matumbo kumi na manne, na bweni zima linalia kwa sauti moja! Bi. Amolo akatoka ofisini na kiatu kimoja. Aliuliza kwa upole ni nani alichukua picha. Upole ule sitaki kuuona tena.

Nimerudisha kila kitu. Konokono amevunjika.

Nakhungu peke yake hakulia. Mama Dorca alinivuta kando, akanionyesha sanduku la bati la mtoto huyo. Kila kitu ndani, hata sabuni imefungwa. Kwenye kifuniko, kwa ndani, ametoboa siku kwa msumari, tundu moja kila siku. Amejiandaa kwenda. Na msichana akitoroka, sheria ya shule haina huruma: nafasi yake inapewa anayefuata kwenye orodha. Nakhungu ndiye msichana wa kwanza wa shule yao ya msingi kuitwa shule ya bweni.

Ataokolewa. Na mimi!

Jumanne, 26 Februari

Nimepata! Anachohitaji ni barua ya mama yake. Barua ya kweli kutoka Bungoma itachukua wiki. Yangu imechukua nusu saa.

Niliandika kwa Kibukusu kizuri, nikiwa mama yake. Usiwe na wasiwasi. Sisi sote wazima, hatukukumbuki sana, kitanda chako amepewa mdogo wako. (Hapo nilijipongeza. Akijua kitanda hakipo, atarudi wapi?) Usiwe na wasiwasi. Soma. Usiwe na wasiwasi. Nikabandua stempu kwenye barua ya Mama kwangu, nikaibandika kwa uji. Dalmas hajui. Kila mke ana siri moja tamu.

Jumatano, 27 Februari

Nakhungu ametoroka! Kitanda kimetandikwa. Sanduku halipo.

Dalmas alikimbilia upande wa ziwa. Mimi na Mama Dorca tukaenda barabarani. Alitembea haraka, slipa zikipiga, bila kunilaumu, na hilo liliniumiza zaidi. Tulimkuta Kisian, amekalia sanduku lake kando ya wauza nyanya, anangoja gari la kwenda Busia, aunganishe hadi Bungoma. Barua yangu mkononi.

Mama Dorca hakumshika. Aliketi chini kando yake, akaagiza ndizi, akangoja.

Mwishowe mtoto akasema, akitazama barabara, "Mama yangu hajui kuandika. Barua zetu anaandika kaka yangu Wabwire, kwa Kiswahili. Hii si ya Wabwire. Na imesema usiwe na wasiwasi mara tatu. Kwetu wakisema hivyo mara tatu, kuna maiti ndani ya nyumba."

Nilisikia jua likinigeukia.

"Ni mimi niliandika," nikasema. "Mama yako ni mzima. Sijui chochote kuhusu kwenu. Nilibuni yote."

"Hata kitanda?"

"Hata kitanda."

Hapo akalia. Si kidogo. Wauza nyanya wakasimama. Akaniambia kwa Kibukusu kwamba hawezi kulala bila kusikia mbwa akigeuka mlangoni, na kwamba hapa hata jina lake hawawezi kulitamka. Nikajibu kwamba hata mimi wananiita Nyar Bungoma, na sijala lisabala, chakula cha kwetu, tangu harusi, na ndoo yetu inagonga usiku kucha tip, tip. Nikalia pia. Sijui kwa nini. Pengine vumbi.

Alikula ndizi nne. Njiani Mama Dorca hakumwambia aache kulia. Alimwuliza jina la mbwa. Anaitwa Simba, lakini anaogopa kuku. Mtoto akacheka huku bado analia.

Mama Dorca akaenda kwa Bi. Amolo kumwambia kwamba Nakhungu alitoka na watu wazima wawili. Kwa kuwa tulirudi naye, si uongo wote. Nafasi yake imebaki!

Jumapili, 3 Machi

Insha yangu ilisomwa! Kurasa kumi na moja! Nilivaa gauni la kuagwa nyumbani. Nilipofika pale panaposema asilimia mia moja, wasichana walikohoa wote pamoja. Vumbi tena.

Mama Dorca hakuandika kitu. Bi. Amolo alimwomba aseme tu. Akasema bweni linaweza kumfundisha mtoto kusimama, lakini pia linaweza kumfundisha kuficha, na kwa mbali hayo mawili yanafanana. Kwa hiyo mtu mzima asiangalie kitanda, aangalie sahani. Basi. Akaketi. Wazazi walipiga makofi zaidi kuliko kwenye kurasa zangu zote.

Mama yake Nakhungu alikuja na Wabwire. Wakati wa kuagana mtoto alilia sana, mama akataka kurudi naye. Mama Dorca akamwambia kilio cha kuagana si kidonda kipya, asubiri nusu saa nyuma ya jiko achungulie. Baada ya nusu saa mtoto alikuwa uwanjani, anagombania mpira.

Uamuzi wa Bi. Amolo: kuanzia sasa wasichana watafunga barua zao wenyewe. Matroni msaidizi atatafutwa kwingine. Lakini mimi nitakaa na kidato cha kwanza kila Jumapili mchana, bila kalamu. Nimeteuliwa!

Dalmas ameniambia Jumapili mchana ndio wakati wake pekee wa mapumziko. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Jumanne, 5 Machi

Dalmas ameenda semina Kakamega, siku tatu. Nilimpungia hadi gari likapotea, kisha nikapungia vumbi.

Asubuhi Nakhungu alinipitia kunisalimu. Alitazama kitanda changu, akasema kimetandikwa vizuri mno. Nikamshukuru. Akatazama sahani yangu ambayo sikuwa nimeigusa, akaenda.

Barua ya Mama imefika: "Umesema mara nyingi kwamba uko mzima. Nakuja Ijumaa." Mama huyu! Wasiwasi wa bure. Nimemjibu papo hapo asijisumbue, mimi ni mzima kama chuma, umeme unawaka, na mwezi ujao naanza insha nyingine, kuhusu uongo wa wasichana wa bweni.

Tumbo linaniuma tangu alfajiri. Lazima ni yale maharagwe ya jana.