Jiko Langu, Pamba Yangu, na Chai ya Novatus

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nchi nzima imelala, mimi Masalu niko kwenye kibanda cha mlinzi hapa Somanda, nalinda marobota ya pamba ya watu. Baridi ya Julai hii si mchezo! Upepo unaingia chini ya mlango, unapanda kwenye suruali kama una kazi maalumu huko juu.

Nilimwomba meneja, mama Ernestina, ruhusa ya kuota moto. Akasema moto karibu na ghala la pamba ni marufuku, nivae koti. Koti! Yeye usiku yuko kwenye blanketi mbili na mumewe.

Sawa. Nimeleta jiko la mkaa ndani ya ndoo, mfuniko juu. Novatus, mlinzi wa mchana, akauliza nimebeba nini. Nikamwambia ugali.

Jumanne, 8 Julai

Akili ni nywele. Nimewasha jiko nyuma ya kibanda, nikangoja moshi uishe kabisa, mkaa ukolee uwe mwekundu, ndipo nikaliingiza ndani. Hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna wa kunishtaki. Nimeziba dirisha kwa gunia. Nyufa za mlango nimezishindilia pamba niliyookota chini ya mizani. Wajinga wanauza pamba, mimi naitumia! Ndani joto tamu, koti nimevua.

Ila saa nane kichwa kilianza kugonga. Kisha kichefuchefu. Miguu ikawa mizito. Nikatoka kuzungukia ghala, nusu saa hivi, nikapona. Nikarudi ndani, nikanywa kikombe cha pili cha chai, kichwa kikarudi palepale!

Chai nani ananiachia? Novatus. Hapa kwetu mlinzi anayetoka humwachia anayeingia chupa ya chai, ndiyo desturi. Na Novatus anaitaka zamu yangu ya usiku tangu mwaka jana, ili mchana akalime dengu zake. Nimeelewa yote.

Jumatano, 9 Julai

Novatus kanisalimia kwa Kisukuma, "mwadila," meno yote nje. Mnafiki! Akauliza mbona macho mekundu. Anajua mwenyewe.

Leo chai nimeimwaga nje yote. Kichwa kimeuma vilevile. Hapo ndipo nikajua huyu mtu ni hatari: sumu yake inafanya kazi hata kwa mvuke wa chupa tupu.

Nimeongeza pamba mlangoni. Mgonjwa hapaswi kupigwa na upepo.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeleta ushahidi. Jogoo wa mke wangu, Apolonia, yule mwekundu mwenye kiburi. Nimempa mkate uliolowekwa kwenye chai ya Novatus, nikamfunga mguu kwenye stuli, nikatia mkaa mpya, nikafunga mlango vizuri asipate baridi. Lori la pamba kutoka Ipililo likaja limechelewa, nikakaa getini na dereva zaidi ya saa nzima.

Narudi, jogoo kalala ubavu. Kafa! Mimi niliyekuwa nje, mzima kama chuma. Nimeruka kwa furaha. Nikaingia kukaa naye, robo saa tu, na mimi kichwa hicho! Sumu imemtoka jogoo ikanirukia.

Ijumaa, 11 Julai

Aibu. Hasira.

Asubuhi nimemwekea mama Ernestina jogoo mezani, juu ya vitabu vya mizani. Nikamshtaki Novatus mbele ya wapagazi. Chupa ilikuwa na chai iliyobaki. Novatus akaichukua. Akamimina, akanywa kikombe, akamimina cha pili, akanywa, akacheua. Wapagazi wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama Ernestina akasema nikiendelea na ushirikina atanitafutia kazi ya kufagia. Akauliza pia kwa nini kibandani kuna majivu. Nikasema ni sigara. Sivuti sigara.

Nyumbani Apolonia akamnyonyoa jogoo huku ananitukana kwa Kisukuma na Kiswahili. Ghafla akaacha kunyonyoa. Nyama ilikuwa nyekundu ya kung'aa, si rangi ya kuku aliyekufa. Akasema hapiki kitu hicho. Nikamwambia umeona sasa? Akasema anachoona ni mume mpumbavu aliyeua jogoo.

Novatus amekunywa dawa ya kujikinga kwanza. Mtoto mdogo angelijua hilo.

Jumamosi, 12 Julai

Leo namkomesha. Chai sijapokea. Chupa imebaki getini. Maji nimebeba ya nyumbani. Nimeziba mpaka tundu la ufunguo, kwa pamba safi, daraja la kwanza. Sumu ya Novatus ipite wapi? Jiko nimelijaza pomoni, nikaliongeza tena saa sita.

Saa saba. Joto. Kichwa kinagonga kama mashine ya kuchambua pamba.

Saa saba na nusu. Nimetapika kwenye ndoo. Makaa hayang'ai sana. Nataka kutoka nje, miguu inakataa. Miguu ya nani hii?

Usingizi mtamu. Novatus mshenzi sana. Nitaandika ke

Jumapili, 13 Julai

Hospitali. Naandika nimekaa kitandani, mpira wa hewa puani.

Wanasema Novatus alifika mapema, saa kumi na moja na nusu, ili aniombe nimshikie zamu akiwahi misa. Akaita, kimya. Akavunja mlango kwa teke, akanivuta nje kwa miguu, mgongo umechubuka wote. Naye akapata kizunguzungu kwa muda ule mfupi tu. Suruali yangu ilikuwa imelowa. Bodaboda wote wa Somanda wameona.

Muuguzi akanibana kidole kwa kile kidude cha kupima oksijeni, kikaonyesha asilimia tisini na nane. Nikasema si mnaona, niko mzima, niacheni! Daktari, binti mdogo, akasema kidude kinadanganyika. Mkaa unaowaka mahali palipozibwa hukosa hewa ya kutosha, ukatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, moshi uwepo usiwepo. Hewa hiyo huing'ang'ania damu na kukalia nafasi ya oksijeni, damu ikabaki nyekundu ya kung'aa huku mwili unakosa pumzi. Ndiyo maana ukitoka nje unapata nafuu, ukirudi unaugua. Kuku, kwa mwili wake mdogo, hutangulia kufa. Akasema ningekaa saa moja zaidi Apolonia angekuwa mjane, na nikiona tena jiko kwenye kibanda nikimbie.

Apolonia alilia. Alinishika mkono mbele ya watu. Nilitaka kulia pia, nikakohoa.

Mama Ernestina amekuja. Zamu ya usiku kampa Novatus. NOVATUS! Si niliandika?

Jumanne, 15 Julai

Nimerudi nyumbani. Nalinda mchana sasa, kwenye jua, kama mbuzi. Novatus usiku anaacha dirisha wazi, anavaa makoti mawili, na asubuhi ananiachia chupa ya chai. Nimempa asante ya mdomo tu. Kuniokoa kwake kulikuwa hila ya kuchukua zamu, asiyeona hilo ni kipofu.

Jiko nimelipata tena, mama Ernestina alilitupa nje ya uzio. Daktari alisema wazi: kibandani. Chumba chetu cha kulala si kibanda, kina dari kabisa! Apolonia analalamika baridi kila siku, na mke aliyenililia anastahili joto. Nimengoja moshi uishe. Dirisha nimeziba, mlango nimeushindilia pamba.

Joto zuri. Apolonia kalala, kisha kaamka. Anasema kichwa kinamgonga na tumbo linachafuka.

Nimemwuliza kwa ukali: leo umekunywa chai kwa nani?