Skonzi Elfu Moja na Mia Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimekataa oda ya skonzi elfu moja na mia mbili. Kwa makusudi. Kwa akili!

Aliyekuja ni mratibu wa mkutano wa wauguzi, mama wa makamo, viatu vyekundu, sauti ya chini. Anazitaka Jumamosi ya wiki ijayo, saa moja asubuhi, zilizookwa siku hiyo hiyo. Nikamwambia siwezi, jiko langu dogo. Nikashusha pumzi na kutazama dari, kama inaniuma.

Mbinu ya zamani hii. Mteja ukimkatalia, anabembeleza. Akibembeleza, bei inapanda. Mimi "haya basi" nilikuwa nayo tayari kwenye ncha ya ulimi.

Akasema asante dada kwa kunieleza ukweli, wengi hawasemi. Akaondoka! Nikamfuata kwa macho kutoka dirishani, nikijua atageuka akifika kona. Akafika kona. Akapinda.

Jumanne, tarehe 4

Wifi kaja asubuhi. Dada wa mume wangu huyu, mwenye mgahawa mtaa wa pili, na ndiye mteja wangu mkubwa: skonzi arobaini na nane kila siku, saa kumi alasiri, chai ya jioni. Tangu niolewe hajanisifu hata kwa chumvi. Leo kanishika mabega! Kasikia nimekataa oda. Kasema kumbe nimekomaa, mtu hujikuna ajipatapo, na kwamba yeye alidhani nina tamaa ya fisi.

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nikamwambia mpishi mzuri hujua kipimo cha jiko lake. Sijui hata nimelitoa wapi neno hilo.

Lakini kaongeza kwamba yule mratibu bado hajapata mwokaji. Bado! Mchana mzima sikutulia. Nimepata mpango. Nitaoka mia tatu kama mazoezi, robo ya oda. Nikifaulu, namfuata mratibu na sinia kichwani, namwambia nimejipanga upya. Robo ikiwezekana, nzima inawezekana. Hesabu ya mtoto.

Jumatano, tarehe 5

Nimenunua unga, hamira, na beseni jipya la plastiki, la kuogeshea mtoto. Mashine yangu ya kukandia hubeba kilo tatu za unga, na mazoezi yanataka kilo kumi na moja. Nitakanda kwa mikono, zote kwa mpigo. Kukanda mara nne ni kupoteza muda.

Mume wangu, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, kauliza swali moja tu: oveni inaingia skonzi ngapi? Nikamjibu arobaini na nane, trei mbili, lakini suala hapa si oveni, ni moyo. Akarudi kwenye gurudumu lake.

Alhamisi, tarehe 6

Nimeketi juu ya gunia la unga. Nimelia kidogo. Sasa naandika.

Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Donge laini, likaumuka vizuri, likajaa beseni. Nikakata, nikaviringa, nikapanga. Trei ninazo nne. Zilizobaki nikaziweka kwenye karatasi, juu ya meza, juu ya ubao wa kupigia pasi, juu ya kitanda chetu. Nyumba ikapendeza.

Mpiko wa kwanza safi kabisa. Dakika ishirini za kuoka. Ila nikifungua mlango wa oveni joto linatoroka, na linachukua karibu dakika kumi kurudi. Hivyo kila mpiko ni nusu saa, upende usipende. Mipiko saba ni saa tatu na nusu. Na skonzi zikishaviringwa, ndani ya saa moja zinataka moto. Hazijui foleni. Hamira haina subira wala haya!

Mpiko wa tatu zilikuwa zimevimba mno. Nikazikimbiza za kitandani kwenye friji, nikazishindilia pamoja kuwa madonge mawili makubwa, maana baridi huchelewesha hamira. Huchelewesha, ndiyo, nje ya donge. Katikati kulibaki joto, kukaendelea kuumuka. Mlango wa friji ukafunguka wenyewe. Donge likatoka taratibu, likaweka kichwa juu ya mchuzi wa jana.

Basi nikasema nitaongeza kasi. Nikapenyeza trei ya tatu ndani ya oveni. Hewa moto ikakosa njia. Trei ya chini ikaungua matako, ya katikati ikabaki nyeupe kama chaki, ya juu ikawa nyeusi kichwani na mbichi moyoni.

Za kwenye ubao wa pasi zikakauka ngozi, zikapasuka. Za mwisho kabisa zilisinyaa nilipozigusa, zikatoka bapa, zikinuka pombe.

Na skonzi za wifi? Nilisahau kabisa! Saa kumi kasoro nikachukua arobaini na nane za mpiko wa pili, zilizokuwa zimerundikana zikiwa za moto kwenye mifuko, kwa kuwa pa kupozea hapakuwapo. Mvuke ulikuwa umezilowesha. Wifi alichukua moja, akaibonyeza, kidole kikazama, kikabaki humo.

Ijumaa, tarehe 7

Wifi kapunguza oda. Kasema kuanzia leo atachukua ishirini na nne tu, nusu nyingine atanunua kiwandani. Na kiwanda hicho hicho ndicho kilichopewa oda ya wauguzi. Hakugomba. Angegomba ningefarijika. Kasema tu kwamba Jumanne nilimpa moyo.

Nusu ya oveni yangu sasa itakaa tupu kila siku. Ada ya shule ya mtoto inatoka kwenye hiyo nusu. Inaniuma sana.

Mume wangu akala skonzi bapa tatu bila kulalamika, kisha akachukua chaki na kuandika ukutani. Elfu moja na mia mbili, gawa kwa arobaini na nane, mipiko ishirini na tano. Nusu saa kila mmoja, saa kumi na mbili na nusu. Ili zitoke saa moja asubuhi ningewasha oveni Ijumaa jioni, na za kwanza zingefika mezani zimelala. Hata ningekuwa na mikono ishirini, mlango wa oveni ni mmoja. Akasema kwa hiyo ulikataa sawasawa. Nikamwambia najua. Kipimo cha jiko langu nakijua!

Jumatatu, tarehe 10

Siamini! Mratibu karudi, na viatu vyake vyekundu. Mgahawa wa zahanati yao unataka skonzi ishirini na nne kila alasiri, mwaka mzima. Kasema amekuja kwangu kwa sababu nilimwambia ukweli, na anamtaka mtu anayejua uwezo wake.

Ishirini na nne. Trei moja. Nafasi ile ile aliyoiacha wifi, mpiko ule ule, bila kuongeza hata dakika. Mume wangu aliweka spana chini, akanitazama, akatabasamu. Wifi, aliyekuja kuchukua zake, alitikisa kichwa kwa furaha. Bei aliyotaja mratibu ilikuwa nzuri. Nzuri mno. Mtu hataji bei nzuri hivyo mara ya kwanza, isipokuwa anayo nyingine mfukoni.

Nikashusha pumzi. Nikatazama dari. Nikamwambia siwezi, jiko langu dogo.

Naandika nikiwa dirishani. Mume wangu kaokota spana yake, wifi kamkimbilia mratibu barabarani bila viatu, sijui anataka kumwambia nini. Mratibu yuko karibu na kona. "Haya basi" ninayo hapa, kwenye ncha ya ulimi.

Atageuka tu.