Mshenga wa Mtu Asiyekuwepo

Mjini Sumbawanga, pikipiki ikigoma kuwaka hupelekwa kwa fundi. Fundi akiinua mikono, hupelekwa kwa Lugano, naye huiuza. Kwa maelezo yake, kila pikipiki aliyowahi kuidalalia ilikuwa ya paroko mstaafu aliyeitumia kwenda kusalimia wagonjwa tu, tena mchana. Mkoa wa Rukwa haujawahi kuwa na maparoko wengi kiasi hicho, lakini wateja hawakuwa na muda wa kuwahesabu.

Lugano alitoka Mbeya akiwa na begi moja na mdomo. Begi liliibwa stendi siku ya kwanza. Mdomo ulimpatia chumba, shati la kola, na jina mjini. Kitu kimoja tu hakukipata kwa mdomo, nacho ni urafiki wa Leonsi, fundi pikipiki wa mtaa wa Izia. Leonsi alikuwa Mfipa wa maneno machache, na mtu akitaka kununua chombo kwa Lugano, kwanza alipita gereji kuuliza, "Leonsi kasemaje?" Lugano alipolazwa na homa ya matumbo, Leonsi ndiye aliyemletea uji asubuhi na jioni, akamwogesha, wala hakumsimulia mtu. Lugano alikuwa na watu wengi wa kucheka nao. Rafiki alikuwa huyo mmoja.

Basi asubuhi moja ya mvua za Januari Lugano alikuwa gereji akimsifia mwalimu mmoja pikipiki nyekundu, akamwona mwanamke ameshuka kwenye bajaji na magunia ya dagaa wa Kirando. Mwanamke akainama, akaitazama saa ya kilomita, akauliza kwa upole:

"Hizi kilomita umezirudisha nyuma kwa mkono au kwa maombi?"

Mwalimu akaondoka. Lugano alitakiwa kukasirika, na hakuweza. Alisimama pale na kitambaa cha kufutia tangi, akifuta palepale palipokwisha kung'aa.

"Huyu ni Bertilla, dada yangu," Leonsi akasema kutoka chini ya injini. "Amehamia nyumbani kwa mama kutoka Kirando kule ziwani, atauzia dagaa sokoni hapa."

Fursa Lugano alikuwa akiziona tangu zikiwa mbali, na hii aliiona. Aliona pia tatizo lake. Akimwambia Leonsi kwamba amempenda dada yake, Leonsi anaweza kukasirika, na hapo rafiki ameondoka. Akimfuata Bertilla kimyakimya, Leonsi atasikia sokoni, na hapo ni vibaya zaidi. Dada akikataa, atakaaje tena gereji? Mtu mwingine angevuta pumzi akasema ukweli, kwa kuwa mwenye kuusikia alikuwa amelala hatua chache tu kutoka pale, mikono imejaa grisi. Lugano hakuwa na mazoezi ya kazi hiyo. Akamtunga mtu.

"Kuna mshikaji wangu," alimwambia Leonsi siku iliyofuata wakinywa chai. "Ebenezer. Yuko Kasesya mpakani, anatoa mizigo forodhani. Amemwona dada yako, amempenda. Ananiuliza afanyeje asije akakuudhi."

Leonsi alipuliza chai yake kwa muda mrefu.

"Nafahamiana naye?"

"Kidogo."

"Basi mwambie aje aniambie mwenyewe. Mapema, kabla sijasikia kwa watu. Na asije kuomba ruhusa, dada yangu si mbuzi wa kufunguliwa kamba. Aniarifu tu, nijue. Halafu aende akaongee na Bertilla, yeye na yeye. Asinipe salamu za kupeleka, wala asinichimbe anapenda nini, hapendi nini. Nikiwa mpelelezi wake, nitakuwa ndugu wa namna gani?"

"Na Bertilla akikataa?"

"Akikataa amekataa. Mimi sitamsukuma dada, wala sitamfukuza jamaa. Atarudi hapa tutakunywa chai kama tunavyokunywa. Ila wakikubaliana, ugomvi wao wasiniletee."

Leonsi akaweka kikombe chini, akamtazama Lugano usoni. "Huna lingine la kuniambia?"

"Hamna, mshikaji wangu," akasema Lugano.

Tusimame kidogo hapa tumwombolezee. Mtu alipewa ramani, akaonyeshwa njia, akashikwa mkono, naye akakata kona akaingia porini.

Porini kwenyewe ni nyumbani kwa akina Leonsi, Izia. Lugano alifika jioni, shati limenyooka, akampa shikamoo Mama Cornelia, mama mzazi wa Leonsi na Bertilla, kisha akatangaza kwamba ametumwa. Mpango wake ulikuwa hivi: kwa jina la Ebenezer atapata kuingia na kutoka, atamzoea Bertilla, atapima maji bila kulowa. Siku Bertilla atakapoonyesha dalili, Ebenezer atahamishiwa Tunduma na Lugano ataendelea.

"Anafananaje huyo Ebenezer?" Bertilla aliuliza akichambua dagaa kwenye ungo.

"Mrefu wa wastani. Mcheshi. Mtu wa kujali sana, ingawa watu hawamwelewi. Ukimjua vizuri utaona ana moyo laini."

"Anafanana na mtu ninayemfahamu."

"Nani?"

"Nitakumbuka," akasema Bertilla, akatupa dagaa mmoja mbovu kwa paka.

Mama Cornelia alimwekea Lugano ugali wa ulezi na maharage. Alipomaliza kula, mama akatoa sheria ya nyumba. "Mwanangu, umekula chakula changu kama mshenga. Kwangu mshenga husemea wenzake. Mlango huu hutaujia tena kwa kujisemea mwenyewe. Tumeelewana?"

Lugano alikuwa ameshiba, akasema wameelewana.

Mwezi ule Ebenezer alifanya kazi sana. Bertilla alisema hawezi kumkubali mwanaume asiyejua shamba, na Ebenezer kwa kuwa amebanwa mpakani, mshenga wake akamwakilisha kwenye palizi ya ulezi. Kupalilia ulezi ni balaa, kwa sababu magugu yake yanafanana nao kama mapacha. Lugano aling'oa ulezi mstari mzima akayaacha magugu yamesimama kwa heshima zote. Mama Cornelia akamrudisha mwanzo wa shamba. Jumamosi nyingine Ebenezer alibeba magunia ya dagaa kutoka stendi, na nyingine akakanda udongo wa kuziba banda la kuku. Lugano alirudi chumbani mgongo unauma, akinuka samaki, akiwa na furaha ya ajabu, kwani kwenye kila kazi Bertilla alikaa karibu akimsimulia habari za Kirando, na alikuwa akicheka.

"Mwambie Ebenezer ahsante," Bertilla alikuwa akisema kila wakiagana, na Lugano aliumia kidogo. Alianza kumwonea wivu Ebenezer.

Gereji nako kulipoa. Leonsi hakugomba. Alijibu wateja vizuri, akajibu salamu, lakini hakumsogezea tena Lugano kiti. Wakati mmoja aliuliza akifunga nati, "Siku hizi uko sana nyumbani kwetu. Kuna jambo?" Lugano akamjibu kwamba anamsaidia Ebenezer. Leonsi akaendelea kufunga nati ambayo tayari ilikuwa imekaza. Lugano aliuona uso wake, akajua amemuumiza, lakini ulimi wake ulishakwenda mbali kuliko yeye.

Jumapili moja baada ya misa aliitwa Izia. Alikuta sebule imefagiliwa, Mama Cornelia amejifunga kitenge kipya, Leonsi amekaa kwenye stuli, Bertilla mkekani na ungo mapajani, na kwenye kiti kikubwa amekaa mwanaume mrefu wa wastani, amevaa koti.

"Mshenga," akasema Mama Cornelia, "mtu wako amefika."

Mwanaume akainuka, akampa mkono kwa mikono miwili. "Ndugu yangu Lugano. Samahani kwa kukuchelewesha. Mpakani malori yalipanga foleni. Wamenisimulia ulivyolima kwa niaba yangu, nimeshindwa cha kusema."

Lugano alimwangalia. Aliwahi kuuza pikipiki isiyo na gia, lakini hesabu hii ilimshinda. Akisema huyu si Ebenezer, ataulizwa amejuaje. Akinyamaza, anamkabidhi Bertilla kwa mtu aliyemzaa yeye mwenyewe kwenye kikombe cha chai.

"Haya, msemee," Bertilla akasema. "Ulikuwa unamsifu vizuri sana."

"Huyu si yeye," Lugano akasema polepole.

"Si nani?"

"Si Ebenezer. Ebenezer hayupo."

"Nipo," mwanaume akapinga. "Nimekunywa chai hapa vikombe viwili, muulize mama."

Leonsi hakucheka. "Hayupo kivipi, Lugano?"

Hapo Lugano akautoa ukweli, bila paroko hata mmoja ndani yake. Kwamba ni yeye. Kwamba tangu siku ya ile saa ya kilomita ni yeye tu. Kwamba aliogopa kumwambia Leonsi, kwa sababu dada wa rafiki ukimkosa unaweza kuwakosa wote wawili, na yeye mjini hapa ana mtu mmoja.

Kisha Bertilla akasema, bila ukali:

"Nilijua siku ile ile uliyokuja kama mshenga. Nikamwambia kaka usiku huohuo. Tukasema tukuache, tuone utasema lini. Ungeniambia wewe mwenyewe, ningekusikiliza. Lakini mwezi mzima umenichumbia kwa niaba ya mtu mwingine. Mimi Lugano simjui, hajawahi kuja hapa."

"Na huyu ni nani?" Lugano akauliza akimwelekea mwenye koti.

"Ni Yonas, dereva wa lori la mahindi," akasema Leonsi. "Rafiki yangu wa zamani. Nilimwomba aje tukufundishe adabu. Akaniambia hawezi kuigiza kabla hajanieleza kitu. Kwamba yeye amempenda Bertilla kweli, na hataki nishtukizwe. Maneno yenyewe yaliisha kabla sijamaliza kubadilisha plagi. Halafu akaenda kumwambia Bertilla sokoni, akamwambia akikataa, yeye ataendelea kuleta lori lake kwangu kama kawaida."

Lugano akamgeukia Bertilla. Bertilla akatazama chini kwenye ungo mtupu, akatabasamu, na Lugano akapata jibu.

Kesho yake hakwenda gereji. Kesho kutwa Leonsi akamfuata chumbani, akamkuta amejifunika blanketi, nje baridi ya Ufipa inakata.

"Inuka. Kuna mteja anauliza ile nyekundu."

"Hujanikasirikia?"

"Nimekukasirikia sana. Sikukasirika kwa ajili ya dada yangu, yeye anajua kujitunza. Nilikuuliza mara mbili, ukanidanganya kama mteja."

Lugano akakaa kitandani. "Nisamehe, Leonsi."

"Nimesikia."

"Ningekwambia siku ile, ungefanyaje?"

"Ningekucheka wiki nzima. Halafu ningekwambia nenda kamwambie."

"Angenikubali?"

Leonsi alifikiri, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujibu kwa kufurahisha. "Alikuwa anauliza utakuja lini kwa jina lako. Zaidi ya hapo hatutajua."

Lugano akavaa viatu, akafunga kamba, akazifungua, akazifunga tena.

"Kuna jingine," akasema Leonsi mlangoni. "Yonas anatafuta mshenga. Anasema hajawahi kusikia mtu akisifiwa kama ulivyomsifu Ebenezer, anaomba umsemee yeye."

"Huyo mtu hana aibu. Bertilla anajua anataka kunifanyia hivyo?"

"Wazo ni la Bertilla."