Alif, Lam, Mim na Miaka Sabini na Moja

Jumatatu, 2 Septemba

Asubuhi mbaya. Mke wangu ameniambia, huku anapepeta mchele, kwamba amejiandikisha darasa la wanawake msikitini. Kila siku baada ya alasiri. Ana miaka sitini na sita. Amenunua miwani. Anataka kuusoma Msahafu kwa macho yake, si kwa kumsikiliza mtu.

Mtu mwenyewe ni mimi.

Hapa naandika ukweli kwa kuwa daftari hili hukaa chini ya sanduku langu la brashi, na hakuna anayeligusa. Tangu tuoane nimemwambia nimekhitimu mara mbili. Ukweli, chuo cha Msahafu nilikaa miezi minane. Herufi zote ishirini na nane nilizishika moja moja, hata leo ukiniamsha nazitaja. Wenzangu walipoanza kuziunganisha, baba alikuwa ameshanipeleka ghalani kupaka alama kwenye makasha. Huko nako miaka thelathini na moja nilipaka herufi kwa kiolezo, moja moja, na hakuna aliyepaka zikanyooka kama zangu. Basi mimi ni bingwa wa herufi moja moja. Zikishikana tu, sizijui.

Sura ninazosoma barazani asubuhi nimezihifadhi kwa masikio. Kurasa nafunua kwa kukadiria.

Mwanamke huyu akijua kusoma, ataweka kidole kwenye mstari, aone sisomi hapo.

Jumanne, 3 Septemba

Sikupata raha. Nimefungua Msahafu peke yangu nikitafuta mahali popote ninapopaweza. Nimepapata. Sura ya Baqara, mwanzo kabisa: alif, lam, mim. Zimeandikwa zimeshikana lakini zinasomwa kwa majina yake, kila moja kivyake. Yaani pale msomaji mkubwa kuliko wote anasoma kama mimi.

Nimemwendea Mwalimu wa msikiti, nikajifanya namtahini. Ni kijana wa miaka arubaini, mpole mpaka anaudhi. Akasema hizo huitwa herufi za mkato. Zimefungua sura ishirini na tisa. Ukiondoa zinazorudiwa unabaki na herufi kumi na nne, nusu ya alfabeti. Pengine ni moja tu, kama Sad, Qaf na Nun. Nyingi kabisa ni tano, kama mwanzo wa sura ya Maryam: kaf, ha, ya, ain, sad. Akaongeza kwamba alif haivutwi, ila lam na mim huvutwa kiasi cha harakati sita, yaani vipimo sita vya sauti.

Nikamwambia amejibu vizuri. Akanishukuru.

Mpango umeiva. Nitamfundisha mke wangu mimi mwenyewe, nyumbani, herufi za mkato tu. Nitamwambia ndiyo kilele cha elimu, na aliyefika kileleni haendi tena darasani.

Alhamisi, 5 Septemba

Somo la kwanza, jikoni. Nimezivuta lam na mim mpaka jirani akagonga ukuta. Mke wangu amesikiliza vizuri, kisha akauliza maana yake nini. Nikasema maana ni ya siku ya pili. Akasema vyema, basi kwa leo ataenda darasani kama kawaida, maana huko wako kwenye kuunganisha ba na ta.

Kuunganisha. Siku ya nne tu!

Ijumaa, 6 Septemba

Baada ya sala nimembana Mwalimu anipe maana. Moja tu, fupi. Amenipa sita, na nimesimama juani muda wote huo na goti hili.

Wako waliosema ni siri ya Mwenyezi Mungu, tunaamini na tunamwachia. Wako waliosema kila herufi inasimama badala ya neno, kwamba alif, lam, mim ni kusema: Mimi Mwenyezi Mungu ni Mjuzi. Wengine wamesema ni majina ya sura zenyewe, na ndiyo maana watu husema sura ya Yasin, sura ya Taha. Wengine, ni viapo. Wengine, ni za kumzindua msikilizaji, kama mtu anavyopiga hodi kabla ya kusema. Na kundi kubwa la wafasiri wameelekea kwenye changamoto: Kitabu hiki kimetungwa kwa herufi hizi hizi mnazozungumza kila siku, haya, leteni mfano wake. Ushahidi wao ni kwamba aghalabu zikishatajwa herufi, hufuata habari ya Kitabu. Aghalabu, akasema, si kila mahali, maana Maryam, Ankabut na Rum hazikuanza hivyo.

Nikamuuliza yeye anashika ipi. Akasema mwisho wa yote tunasema Mwenyezi Mungu anajua zaidi.

Haifai. Nikimwambia mke wangu kuna kauli sita na mwishowe hatujui, atasema kumbe hata yeye amefika kileleni.

Jumamosi, 7 Septemba

Nina akili sana. Nimeikumbuka karatasi ya abjad aliyoniachia marehemu ami yangu, ambamo kila herufi ina tarakimu yake. Alif moja. Lam thelathini. Mim arubaini. Nimejumlisha mara tatu kwa mkaa ukutani. Sabini na moja.

Mimi nina miaka sabini na moja.

Nimemwita mke wangu, nikamwonyesha ukuta. Nikamwambia yapo mambo hayafunuliwi ila kwa mwenye umri wake. Aliutazama mkaa, akaniuliza nani atausafisha. Kisha akauliza sura ngapi zinaanza na alif, lam, ra. Tano, nikasema, kwa fahari. Akachukua karatasi, akajumlisha polepole kwa kidole, akapata mia mbili thelathini na moja. Akasema basi huo ni umri wa babu yangu, nimsalimie.

Jumatatu, 9 Septemba

Mke wangu amenishtaki. Hakusema ni mimi. Amemuuliza Mwalimu darasani, eti yuko mzee mmoja anapiga hesabu. Mwalimu amenikuta kwenye birika natawadha, akakaa kando yangu, akaanza kusimulia kama anapita njia.

Imepokewa, akasema, kwamba zama za Mtume watu fulani waliisikia alif, lam, mim wakapiga hesabu hiyo hiyo, wakasema umma huu utadumu miaka sabini na moja. Wakauliza kama kuna nyingine. Wakatajiwa alif, lam, mim, sad. Ikawa mia moja sitini na moja. Kisha alif, lam, ra; mia mbili thelathini na moja. Kisha alif, lam, mim, ra. Mia mbili sabini na moja. Wakaondoka wanasema jambo limewachanganya. Na hata riwaya yenyewe, akasema, wajuzi wameidhoofisha, haijengewi kitu.

Nikasema huyo mzee atakuwa mjinga kweli. Akasema hapana, ni mtu wa hamu tu.

Nimetawadha mara mbili.

Jumatano, 11 Septemba

Shemeji amekuja, kaka yake mke wangu, fundi cherehani. Huyu kanichukia tangu posa. Kanywa chai yangu akitabasamu. Kasema kesho kuna kikao cha wote, wanawake nyuma ya pazia, na ameshampendekezea Mwalimu kwamba mzee wetu aliyekhitimu mara mbili atufungulie. Kutoka Msahafuni, shemeji, akaniambia, si kwa kichwa, maana sisi wengine macho tu ndiyo tunayategemea.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Hakuinua uso. Akasema kwa upole kwamba kama sijisikii vizuri niseme.

Nikasema najisikia vizuri kabisa. Sababu ya kusema hivyo sijaiona mpaka sasa.

Nimehesabu. Alif, lam, mim zimefungua sura sita. Nitashika moja ya hizo, nitazivuta sana, kisha nitakohoa.

Alhamisi, 12 Septemba

Naandika kabla ya kulala.

Msikiti ulijaa. Nimeketi, marfaa ya kuwekea Msahafu mbele yangu. Kabla sijafungua popote, shemeji akainama, akafungua yeye, akaweka kidole. Hapa, shemeji, sura fupi tusikuchoshe.

Nikatazama. Siamini bahati yangu. Alif. Lam. Mim.

Nikajua mpumbavu huyu kaniokoa bila kujua. Nikaketi wima. Nikasema alif, sikuivuta. Nikasema lam, harakati sita. Nikasema mim, harakati sita na ya saba kwa ajili yake yeye. Nikakohoa.

Shemeji akasema, endelea, mzee.

Nikaendelea, nifanyeje. Nun. Shin. Ra. Ha. Moja moja, kama napaka kasha. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka puani. Jasho limenitoka mgongoni mpaka kwenye mkanda. Hapo ndipo nilipoona kurasa zilizobaki upande wa kushoto ni nyembamba kama gazeti. Tulikuwa mwishoni mwa Msahafu, kwenye sura fupi fupi, na huko hakuna herufi za mkato hata moja.

Basi nyuma ya pazia ikatoka sauti. Ndogo, inakwenda polepole, inapapasa. A-lam. Nash-rah. Alam nashrah. Kisha ikashika kasi: Alam nashrah laka sadrak.

Sauti ya mke wangu. Hakuona ukurasa. Nilikuwa nampelekea herufi moja moja na yeye kule anaziunganisha.

Sura yenyewe nimeihifadhi tangu utotoni. Naisoma kila wiki. Ilikuwa chini ya pua yangu na sikuijua kwa sura.

Mwalimu hakuacha kicheko kikue. Akasema mzee wetu na mkewe wametuonyesha jambo kubwa, mahali ambapo wanafunzi wengi huteleza. Maandishi yanafanana, akasema, lakini tazameni juu. Kwenye herufi za mkato lam na mim zina alama ya kuvuta, wala hazina irabu. Hapa alif ina hamza na fataha, lam ina fataha, mim ina sukuni, basi ni neno, na pamoja na nashrah maana yake: Je, hatukukunjua? Watu wakatikisa vichwa. Shemeji akatazama mkeka.

Tumerudi kwa miguu. Mlangoni mke wangu akasema ameshajua miaka mingi. Kwamba Yasin ile ile mimi huisoma kwenye ukurasa tofauti kila asubuhi. Kwamba alikuwa anangoja nimwambie, na alipoona simwambii ndipo akanunua miwani, ili siku moja anisomee yeye nami nipumzike kufunua.

Nikamuuliza chai iko wapi.

Ijumaa, 13 Septemba

Somo jikoni. Safari hii mwalimu ni yeye. Ba na ta. Ameniambia nisione haya, Mwalimu amewafundisha kwamba alif ni herufi, lam ni herufi, mim ni herufi, na kila moja ina thawabu zake kumi. Hata nikisoma kwa kupapasa, napata. Nimeziunganisha ba na ta. Zimetoka, nadhani. Jicho lilianza kuniuma, nikamwambia inatosha. Uso wake ulikuwa na furaha, nikauacha ulivyo.

Jumapili, 15 Septemba

Nimepita kwa shemeji dukani. Nimemweleza mbele ya wateja kwamba ya Alhamisi yote yalikuwa mpango wangu na mke wangu, na kwamba kuunganisha nimemfundisha mimi. Amejishona kidole.

Kuunganisha ba na ta nimesahau. Si kitu, kesho nitamwambia namtahini.

Nimerudia hesabu ukutani, pembeni pa alama ya zamani. Mwakani nitakuwa na sabini na mbili, na hakuna herufi za mkato zinazofika hapo. Lakini Sad ni tisini. Miaka kumi na tisa tu. Nitangoja.