Uso wa Saa ya Marehemu

Jumatatu, 7 Julai

Nimemshinda Fuad. Mama mkwe, Bi Ummukulthum, amenikabidhi mimi saa ya marehemu mumewe niiuze. Ndiyo itakayompeleka Umra. Hussam, mkusanyaji wa saa kuukuu, ameiona pichani na kukubali kulipa nauli nzima. Anakuja Jumapili.

Nimeitazama kwa karibu. Aibu. Uso uliokuwa mweusi umekuwa kahawia kama tende. Vidoti vya rangi ya kung'aa gizani vimegeuka rangi ya samli, na akrabu zake za saa na dakika vilevile. Having'ai hata chembe.

Jumanne, 8 Julai

Fuad, mume wa shemeji yangu Fairuz, kasema iachwe ilivyo. Wivu huo. Kwetu mgeni haandaliwi kwenye sahani yenye ufa, sembuse saa. Na ikiwa chafu yampeleka mama, safi itampeleka na msindikizaji. Pasipoti ninayo.

Alhamisi, 10 Julai

Maxwell, anayeandika misemo kwenye tuk-tuk pale Feri, kaukwangua uso na kuupaka weusi mpya. Vidoti vinawaka kijani. Karibu na sita palikuwa na vijiherufi viwili vya T. Kavifunika, uso ukatakata.

Jumapili, 13 Julai

Hussam kanywa kahawa, kafunga madirisha, kamulika saa kwa kurunzi ya mwanga wa zambarau. Kaizima. Vidoti vikaendelea kuwaka. Nikatabasamu peke yangu.

Kwa upole kasema rangi ya zamani humulikwa ikang'aa, kurunzi ikizimwa nayo hufa papo hapo, kwani nguvu yake imekwisha miaka mingi. Hii ni ya juzi. Vile vijiherufi vya T vilikuwa alama ya kiwanda, kuonyesha rangi gani ilitumika. Ukahawia haukuwa uchafu: jua na unyevu viligeuza weusi polepole, na hakuna nyuso mbili zinazogeuka sawasawa. Vidoti na akrabu vilikuwa vimezeeka pamoja, ushahidi kwamba havikuwahi kubadilishwa. Rangi mpya hupatikana siku yoyote, kasema, lakini miaka hainunuliwi. Sasa atalipia mashine na kasha tu. Hiyo yatosha nauli ya Malindi.

Mama mkwe hakunigombeza. Kazikunja nguo zake nyeupe za safari, kazirudisha sandukuni. Nimeumia kweli.

Jumatatu, 14 Julai

Fuad kaitoa saa ya babu yake iuzwe. Uso mweupe, vidoti vyeupe, imekaa kabatini tangu inunuliwe. Hussam kaipenda kwenye picha, kasema uzuri wake ni kwamba haijaguswa. Nauli imerudi. Mama mkwe kalia kwa furaha. Saa imelala kwetu, Hussam ataichukua kesho.

Safari hii nimeelewa wanachotaka watu hawa. Nimeifungua, nimepaka kila kidoti chai ya rangi iliyokolea, nimeianika juani juu ya paa. Tayari inaanza kupendeza.