Bundala na Salamu za Idi

Habari iliyoingia kijiweni Magomeni, mjini Kilosa, jioni ile ya kuusubiri mwezi, ilitoka Mikumi. Mwenye duka mmoja Mkristo alirusha video ya Idi akisema "sote tumefunga," na watu wakamjibu kwa picha yake akila chipsi saa saba mchana.

Benchi zima lilicheka, isipokuwa Bundala. Simu yake ilikuwa na video yake mwenyewe yenye maneno yaleyale, bado kutuma tu. Wiki iliyopita ng'ombe wake walivamia mpunga wa Mwanakheri, mama muuza kahawa wa hapohapo. Alitarajia salamu hiyo imlainishe kabla ya sikukuu.

"Mkurugenzi, umemeza nini?" Doto, dereva wa bodaboda aliyempachika jina hilo, akamnyang'anya simu.

Video ikaanza kwa kaswida. Bundala alionekana mbele ya picha ya msikiti, amevaa kanzu. "Waislamu na Wakristo, dini yetu ni moja. Sote tumefunga..."

"Kanzu yangu hiyo," Doto akasema. "Si ulisema ya harusi?"

"Dini moja tangu lini?" akauliza Marciana, Mkristo mwenzake. "Jumapili si ulikuwa kwaya, unaimba besi nyuma yangu?"

"Nilitaka kuwaheshimu tu, jamani."

Mwanakheri akaweka birika chini. "Baba, mimi na wewe hatuamini sawa kuhusu Yesu, wala kuhusu Mtume, na kahawa yangu unakunywa kila siku. Vua kanzu, toa kaswida, wala usitufafanulie dini yetu. Sema 'nyinyi mmefunga.' Wewe hukufunga. Nilikuona nyuma ya guta na muhindi wa kuchoma."

"Hata ng'ombe wake hawakusubiri magharibi," Doto akaongeza. "Walifuturu mpunga saa nne asubuhi."

Bundala akachukua simu yake, akarekodi upya akiwa na shati lake la kila siku:

"Mimi ni Bundala, Mkristo, jirani yenu. Majirani zangu Waislamu, mwezi huu nyinyi mmefunga. Mimi sikufunga, ila futari zenu nimekula. Mwezi ukitangazwa, nawatakia Idi njema, nyinyi na watoto wenu. Na Mama Mwanakheri, ule mpunga nisamehe."

Marciana akatikisa kichwa kukubali.

"Ya mpunga kata," Mwanakheri akasema. "Sikukuu ya watu siyo baraza la usuluhishi. Hiyo niambie mimi, hapa."

Bundala akasimama, akavua kofia. "Nisamehe, mama. Nililala, ng'ombe wakapita."

Mwanakheri akamjazia kikombe.

Redio ya dukani ikatangaza kuwa mwezi haujaonekana.

"Umepona, Mkurugenzi," Doto akacheka. "Ungesema Idi ni kesho, ungekula chipsi za Mikumi."

"Kesho bado tumefunga," Mwanakheri akasema. "Bundala, uje ufuturu kwangu. Ng'ombe wabaki nyumbani."